Uzi: Gesi ya damu iko safi kabisa, lakini mgonjwa anazama. Tuisome hatua kwa hatua

Rejista_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Kuna karatasi moja ya gesi ya damu ambayo huwa nawapa maintani wapya wakiingia wodini kwetu. Wengi huitazama sekunde kumi, wananirudishia na kusema, "Hii ya kawaida, daktari." Leo naiweka hapa. Nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike.

Kijana wa miaka 24, ana kisukari cha kuchoma insulini tangu utotoni. Siku tatu anatapika mfululizo, na kwa kuwa hali chakula akaona hana haja ya kuchoma insulini. Tumbo linamuuma, midomo imekauka, mapigo ya moyo 124. Anapumua mara 20 kwa dakika, kwa utulivu tu. Hahemi kwa kina kama tulivyozoea kuwaona wagonjwa wa kisukari waliozidiwa.

```
pH      7.38
PaCO2   38 mmHg
HCO3    22 mmol/L
Na      136
K       3.4
Cl      86
Sukari  27 mmol/L
```

Je, ana tatizo la asidi na besi au hana? Kama analo, ni moja au zaidi? Ukijibu, onyesha ulivyopita. Jibu la neno moja sitalisoma.

---

Mwaka_wa_Nne

Mkuu mimi najitoa kafara. pH ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45, yeye 7.38. PaCO2 ni 35 hadi 45, yeye 38. HCO3 ni 22 hadi 26, yeye 22, kwenye ukingo lakini ndani. Kwa hiyo sukari iko juu, amekauka, ila bado hajaingia kwenye ketoasidosisi. Maji, insulini, kesho anarudi nyumbani.

---

Tabibu_Kigoma

Mdogo wangu hapo juu umekimbilia mlango wa kutokea. Mimi nasema ketoasidosisi ipo, ila mwili umeshafidia. Mapafu yametoa hewa chafu, pH imerudi mahali pake. Hii tunaita fidia kamili, tumefundishwa hivyo chuoni. Anahitaji insulini, si kurudi nyumbani.

---

MamaZuhura

Samahani madaktari naingilia. Mimi pia nina asidi nyingi, nikila maharage usiku kifua kinawaka moto mpaka asubuhi. Jirani kanishauri maji ya ndimu yenye magadi kidogo eti yanasawazisha damu. Hicho kipimo chenu cha gesi kinapatikana wapi na ni bei gani?

---

Rejista_wa_Zamu

MamaZuhura, karibu. Unayoisikia wewe ni asidi ya tumboni inayopanda juu kwenye koo, na hiyo haionekani kwenye kipimo hiki. Hapa tunapima damu inayotoka kwenye ateri ya mkono, na sindano yake inauma, usijitafutie bure. Magadi kila siku usitumie, yana sodiamu nyingi. Nenda kituo cha afya wakuangalie kama una vidonda, na usiku jaribu kula mapema, ulale umeinua kichwa.

Sasa Tabibu. Kuhusu ugonjwa uko sahihi kuliko kijana wetu, lakini njia uliyopita itakuangusha siku nyingine. Angalia PaCO2 yake: 38. Kama mapafu yangekuwa yamefidia, kaboni dioksaidi ingeshuka, ingekuwa 25 au 20. Hapa mapafu hayajafanya kazi yoyote ya ziada, ndiyo maana anapumua mara 20 tu. Hakuna fidia hapa.

Na hilo neno "fidia kamili" nalipenda kidogo sana. Asidi ikijaa kwa upande wa kimetaboliki, mapafu huivuta pH kuelekea kawaida ila hayaifikishi. Kinachoyasukuma mapafu kufanya kazi ni hiyo hiyo asidi iliyobaki, ikiisha na msukumo unaisha. Kwa hiyo ukikuta bikaboneti ni 12 na pH ni 7.40, usiseme mwili umefidia vizuri. Sema kuna ugonjwa wa pili unaovuta upande wa pili, kisha uutafute. Huyu kijana wetu ni mbaya zaidi kwa sababu hata bikaboneti yake imejificha.

Mimi napita hivi. Kwanza naiuliza pH imeegemea upande gani. Pili, ni kipi kinachoeleza kuegemea huko, kaboni dioksaidi au bikaboneti. Tatu, je, yule wa pili amejibu kwa kiasi kinachotarajiwa. Halafu hatua ya nne naifanya hata kama zile tatu zimetoka safi, hata kama nina usingizi: nahesabu pengo la anioni. Kwa huyu kijana hatua tatu za kwanza hazitoi kitu. Nani ataihesabu ya nne?

---

Mwaka_wa_Nne

Sodiamu toa kloraidi na bikaboneti.

136 − (86 + 22) = 28

Lo. Kawaida si kama 12?

---

Rejista_wa_Zamu

Ndiyo. Mashine nyingine za siku hizi kawaida yake iko chini ya hapo, lakini 28 haina mjadala kwenye mashine yoyote. Damuni kuna asidi ambayo karatasi haikuitaja kwa jina, na tulipopima ketoni ilikuwa 5.6. Mtu huyu yuko ndani kabisa ya ketoasidosisi huku gesi yake ikionekana kama ya mwanariadha.

Sasa swali linalofuata ndilo tamu. Pengo limepanda kutoka 12 hadi 28, yaani 16. Kila asidi iliyoingia ilipaswa kula bikaboneti moja, kwa makadirio. Basi bikaboneti ilipaswa kushuka kutoka 24 hadi karibu 8. Imeshuka 2 tu. Bikaboneti zile nyingine zilitoka wapi?

---

Mwaka_wa_Nne

Kutapika!

---

Rejista_wa_Zamu

Eeh. Siku tatu anamwaga asidi ya tumbo kwenye beseni. Kila anapotapika anapoteza haidrojeni na kloraidi, na damuni inabaki bikaboneti. Ndiyo maana kloraidi yake ni 86, na mimi hiyo ndiyo iliyonishtua kabla hata sijahesabu chochote. Rudisha ile 16 juu ya 22 na utaona kwamba bila ketoni bikaboneti yake ingekuwa karibu 38. Ni alkalosisi nzito na asidosisi nzito zimekutana njiani zikashikana mieleka, na mizani ikasimama katikati.

Hiyo 38 ni makadirio, msiichonge kwenye jiwe. Ketoni nyingine hutoka na mkojo, na kwenye asidi ya laktati uwiano si moja kwa moja. Tofauti ya 2 au 3 siiiti ugonjwa. Tofauti ya 14 naiita.

Tulimpa maji ya chumvi ya kawaida, na hapa yalifaa kwa sababu mbili: alikuwa amekauka, na kloraidi ndiyo aliyoipoteza. Insulini tuliichelewesha kidogo tukaanza na potasiamu. Akiwa na K 3.4 kabla ya insulini, ukimchoma, potasiamu inaingia kwenye seli na moyo unaweza kukufanyia vituko. Baada ya saa kumi:

```
pH 7.46   PaCO2 43   HCO3 30
Na 138    Cl 96
```

Daktari wa zamu ya asubuhi akanipigia simu akiwa amekasirika, eti tumemtia mgonjwa alkalosisi kwa dripu. Hesabuni pengo mnijibu kama ana haki.

---

Kamau_Eldoret

138 − (96 + 30) = 12. Pengo limefunga. Hana haki huyo daktari, alkalosisi ilikuwepo tangu mwanzo, mmeondoa tu ketoni zilizokuwa zimeifunika. Na ketoni zikichomwa na insulini zinarudi kuwa bikaboneti, ndiyo maana imepanda.

Lakini nina neno. Sisi tulikofunzwa tunaongeza potasiamu kwenye hesabu: sodiamu na potasiamu, toa kloraidi na bikaboneti. Kwa huyo kijana mwanzoni ni 31.4, si 28. Kwa nini mnaiacha?

---

Rejista_wa_Zamu

Kamau umeeleza vizuri kuliko nilivyomjibu mimi kwenye simu, maana nilikuwa nimekaa macho usiku kucha.

Potasiamu ukiiongeza, basi na kiwango chako cha kawaida kipandishe kwa kama 4. Ukitumia hesabu yenye potasiamu na ukalinganisha na 12 ya wale wasioitumia, kila mgonjwa atakuwa na asidi. Mimi naiacha kwa sababu haibadiliki sana.

---

Kamau_Eldoret

Haibadiliki sana? Mgonjwa wa figo mwenye 7.5 je? Mimi nitaendelea kuiongeza.

---

Rejista_wa_Zamu

Ongeza, mradi mwenzako wa zamu ajue unaongeza. Mimi albumini inanisumbua kuliko potasiamu. Mgonjwa aliyekonda, ini limechoka, albumini 20 badala ya 40: pengo lake la kawaida linashuka kwa kama 5, kwa kuwa albumini yenyewe ni sehemu kubwa ya pengo hilo. Ukimkuta na pengo la 13 ukasema ni kawaida, kumbe lake ni kama 18. Wodini kwetu hawa ni wengi kuliko wenye figo za 7.5.

---

Nesi_wa_Usiku

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba nilete langu. Mnahesabu vizuri sana lakini sampuli hizo tunazichukua sisi. Mara ngapi sirinji imefika maabara na povu la hewa ndani, au imekaa juu ya kaunta nusu saa kwa kuwa mtu wa kuipeleka kaenda kunywa chai? Hewa ikikaa kwenye sirinji kaboni dioksaidi inashuka na oksijeni inasogea kuelekea ile ya hewani. Ikikaa muda mrefu bila barafu, chembe za damu zinaendelea kula oksijeni na kutoa asidi. Na wale wanaoacha heparini ya maji imejaa kwenye shingo ya sirinji, wanachanganya damu na maji, kaboni dioksaidi na bikaboneti vyote vinashuka. Unapata asidosisi ya sirinji.

Kisa changu sasa. Mtoto wa miaka minne, malaria kali. Jioni alikuwa anahema mara 60 kwa dakika, kifua kinaingia ndani. Saa sita usiku nikamkuta anahema mara 28, ametulia, amelala. Mama yake akasema, "Afadhali mwanangu kapumzika." Intani akafurahi. Mimi moyo ukakataa. Sukari tulipima, 5.2. Gesi hii hapa:

```
pH      7.10
PaCO2   36 mmHg
HCO3    11 mmol/L
Na      134
Cl      100
```

Intani akasema asidosisi ya kimetaboliki, kaboni dioksaidi ya kawaida, mapafu salama. Ningependa kusikia mngesema nini.

---

Tabibu_Kigoma

pH chini, bikaboneti chini, hiyo ni asidosisi ya kimetaboliki wazi. Pengo 134 − 111 = 23, bila shaka laktati ya malaria. Kaboni dioksaidi iko kawaida, hapo intani kapatia. Dripu, damu kama hemoglobini iko chini, atesuneti.

---

Mwaka_wa_Nne

Tabibu mimi nadhani hapana, na ndiyo hatua ya tatu ya Rejista. Tumefundishwa kanuni: PaCO2 inayotarajiwa ni moja na nusu mara bikaboneti, jumlisha 8, na kosa la 2 juu au chini.

1.5 × 11 + 8 = 24.5

Mapafu yalipaswa kuwa kwenye 22 hadi 27. Yako kwenye 36. Kwa hiyo 36 kwake ni nyingi. Ana asidosisi mbili, ya kimetaboliki na ya upumuaji. Amechoka kuhema.

---

Rejista_wa_Zamu

Mwaka wa Nne, leo umelala daktari.

Tabibu, jambo hili hili limeua watu wengi. Kile kiwango cha 35 hadi 45 ni cha mtu ambaye damu yake haina shida. Mtoto mwenye bikaboneti 11 hana ruhusa ya kuwa na 36. Ukimkuta na 24 unasema anapambana vizuri, pH yake ingekuwa karibu 7.28. Kwa bikaboneti ileile, kaboni dioksaidi kupanda kutoka 24 hadi 36 kumemteremsha hadi 7.10. Mama kaona mtoto kapumzika, kumbe misuli imeishiwa.

---

Mzee_Ganzi

Naomba wazee nao tupewe dakika. Nimefanya kazi ya usingizi miaka thelathini na ushee, sasa nimestaafu, naangalia mbuzi. Mtoto kama huyo mnakimbilia kumwekea mpira na kumtia mashine, sawa. Lakini jihadharini na mtu wa usingizi anayeseti mashine kwa mazoea, pumzi 14 kwa dakika, akaondoka. Mtoto alikuwa anajiokoa kwa pumzi 60, wewe unampa 14. Kaboni dioksaidi inaruka, pH inaanguka chini ya 7, moyo unasimama mbele yako. Ukimtia mashine mwenye asidosisi, mhemeshe haraka kama alivyokuwa anahema mwenyewe kabla hajachoka, au karibu na hapo, kisha upime gesi tena upesi.

Nesi, mtoto alikuwaje?

---

Nesi_wa_Usiku

Tulimpa pumzi kwa ambu kwa mkono, haraka haraka, mpaka daktari wa zamu akafika. Alipona, alitoka siku ya tisa. Ila mzee, kuhusu bikaboneti ya sindano tulibishana sana usiku ule. Intani alitaka kumpa. Mimi nikamwambia bikaboneti ikishakutana na asidi inageuka kaboni dioksaidi, na huyu ndiyo hiyo hiyo anayoshindwa kuitoa.

---

Kamau_Eldoret

Hapo Nesi uko sawa kwa mtoto asiyehemeshwa. Lakini akishawekwa kwenye mashine, na pH iko 6.95, figo zimekufa, mimi naitoa bikaboneti na silali vibaya.

---

Mzee_Ganzi

Mimi sijawahi kuiona ikimwokoa mtu wa laktati. Nimeiona ikiipendezesha karatasi. Lakini wa figo sikatai.

---

Fundi_Maabara_Muscat

Asalaam aleikum. Mimi mtu wa Tanga, nipo Muscat, maabara ya hospitali. Nimepitia kanuni ya kijana wa mwaka wa nne nikakumbuka jambo. Mashine zetu zingine zimewekwa kwenye kPa. Mwezi uliopita daktari mgeni alipata PaCO2 ya 5.1, akapiga hesabu ya moja na nusu, akapata inatarajiwa 29, akaja mbio kusema mgonjwa anahema kupita kiasi mpaka kabaki na 5. Kumbe 5.1 ya kPa ni 38 ya milimita za zebaki. Zidisha kwa 7.5 kwanza ndipo uingize kwenye kanuni.

Jambo la pili. Kwenye mashine ya gesi bikaboneti haipimwi. Mashine inapima pH na kaboni dioksaidi, bikaboneti inaihesabu yenyewe. Kwa hiyo zile namba tatu zikitoka kwenye karatasi moja zitakubaliana daima. Zisipokubaliana, mjue mtu kanakili vibaya kwenye faili au kachanganya karatasi mbili. Mnaweza kulijua hilo kichwani: 24 zidisha PaCO2, gawanya kwa HCO3, unapata haidrojeni. pH ya 7.40 ni 40, ya 7.30 ni 50, ya 7.20 ni 63, ya 7.10 ni 79.

Nimempima mtoto wa Nesi: 24 × 36 ÷ 11 = 78.5. Namba zake ni za kweli.

---

Nesi_wa_Usiku

Alhamdulillah, nilidhani utasema nilinakili vibaya.

---

Tabibu_Kigoma

Nimekubali kwa mtoto, nimejifunza. Sasa na mimi naleta wangu, nione kama mtanikosoa tena.

Mama wa miaka 58, aliwahi kuugua kifua kikuu mara mbili, mapafu yana makovu. Kaletwa anasinzia. Kwetu hakuna mashine ya gesi, tulipima elektrolaiti tu, bikaboneti ikaja 34. Nikaandika alkalosisi ya kimetaboliki, nikauliza kama ametapika, nikaambiwa hapana. Nikampa rufaa. Huko walikompeleka gesi ikasoma:

```
pH      7.31
PaCO2   70 mmHg
HCO3    34 mmol/L
```

Na walinicheka kidogo kwenye barua ya majibu, kwa adabu ya kidaktari.

---

Mzee_Ganzi

Usione haya mwanangu, umekosea pamoja na wakubwa. Mwaka 1952 Kopenhageni ilikumbwa na polio, hospitali ya Blegdam inapokea watu waliopooza misuli ya kupumua, wanakufa kila siku. Maabara ilikuwa inaonyesha bikaboneti iko juu sana, na madaktari wakaona ni alkalosisi fulani ya ajabu. Akaitwa mtu wa usingizi, Bjørn Ibsen. Yeye akasema hiyo si alkalosisi, watu hawa wamejaa kaboni dioksaidi kwa kuwa hawahemi, na bikaboneti imepanda kwa ajili hiyo. Tarehe 27 Agosti binti mmoja wa miaka 12 akatobolewa koo, Ibsen akamhemesha kwa mfuko kwa mkono, akapata nafuu mbele yao. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana zamu kukamua mifuko usiku na mchana. Vyumba vya mahututi tunavyovijua leo vina mizizi pale. Poul Astrup wa maabara naye akaingia kazini kutafuta njia ya kupima mambo haya haraka.

Bikaboneti peke yake haina upande. Inaweza kuwa ndiyo ugonjwa, au ni jibu la ugonjwa. pH ndiyo inakwambia.

---

Mwaka_wa_Nne

Mzee hiyo sikufundishwa. Niendelee na mama wa Tabibu? pH 7.31, asidi. Kaboni dioksaidi 70 ndiyo inayoieleza. Imepanda 30 juu ya 40. Kama imepanda ghafla, bikaboneti huongezeka 1 kwa kila 10, ingekuwa 27. Kama ni ya muda mrefu na figo zimepata siku za kuitikia, ni kama 3.5 hadi 4 kwa kila 10, ingekuwa 34.5 hadi 36. Yeye ana 34. Kwa hiyo ni ya muda mrefu. Nimemaliza.

---

Kamau_Eldoret

Umemaliza haraka. Kama ni ya muda mrefu tu, amekuwa akiishi nayo, kwa nini leo anasinzia? Mimi nasema alikuwa na yake ya zamani, ikaongezewa mpya juu yake. Hapo ndipo 34 inapokuwa kidogo pungufu ya kinachotarajiwa.

---

Mwaka_wa_Nne

Tofauti ya nusu hadi 2? Rejista alisema tofauti ya 2 au 3 haiiti ugonjwa.

---

Rejista_wa_Zamu

Nilisema, na hapa nashikwa kwa maneno yangu. Ukweli ni kwamba kwa namba hizi peke yake wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Kanuni za upumuaji zina ukungu mkubwa katikati ya "ghafla" na "muda mrefu", na hesabu haiwezi kuupasua. Kinachoupasua ni gesi ya zamani, au historia. Tabibu, huyo mama aliwahi kupimwa popote? Miguu ilivimba? Alikuwa anatumia furosemidi? Maana furosemidi nayo inapandisha bikaboneti, na hapo mambo yanavurugika zaidi.

Wakati mnatafuta, oksijeni yake iwe ya kiasi, mjazo wa 88 hadi 92 unatosha. Ukimfungulia mtungi mpaka 100 unaweza kumzidishia kaboni dioksaidi ukamlaza kabisa. Hii haina maana umnyime, kukosa oksijeni kunaua haraka zaidi.

---

MamaZuhura

Mimi bado nawasoma, ingawa sielewi. Huyo mama anaendeleaje?

---

Tabibu_Kigoma

MamaZuhura yupo hai, amewekewa mashine ya barakoa usoni, jana alikunywa uji.

Rejista, furosemidi hapana. Nimempigia bintiye, kanitumia picha ya barua ya kutolewa hospitali mwaka 2021. Kuna gesi, imeandikwa kwa kalamu: pH 7.36, PaCO2 58, HCO3 32. Nimeipiga ile hesabu ya Fundi: 24 × 58 ÷ 32 ni 43.5, inalingana, hawakunakili vibaya.

---

Kamau_Eldoret

Basi. Kutoka 58 hadi 70, bikaboneti imesogea 2 tu. Hiyo ni mpya juu ya ya zamani. Mtafute nini kimemchokoza, homa ya mapafu au kifua kikuu kimerudi.

---

Mwaka_wa_Nne

Kuanzia 2021 hadi leo ni miaka mingi, Kamau. Huenda alishafika 65 mwaka jana akiwa anapika chapati zake vizuri tu.

---

Tabibu_Kigoma

Makohozi yamepelekwa leo asubuhi. Picha ya kifua ina kivuli kipya chini kulia, ila wanabishana kama ni kipya au ni kovu. Nikipata majibu naleta.